Apu inasema bado kuna GB 2.6 lakini salio linaliwa. Hii skrini inasomwaje?

Baraka_Nsambya
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu anauza vitenge soko la Owino, Kampala. Kiswahili na Kilingala anavisoma vizuri, Kiingereza hapana, na apu ya laini yake iko kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Jana alinunua bando la siku, GB 1. Leo asubuhi alikuwa na salio la shilingi 3,000 alilolitunza kwa ajili ya kupigia wateja. Saa nane mchana likawa 1,640, saa kumi likawa 1,140, na hajampigia mtu. Nimefungua apu, inaonyesha hivi:

```
Airtime Balance   UGX 1,140
Data Balance      2.6 GB
Expires           Today 23:59
```

Kama data ipo GB 2.6, kwa nini intaneti inakula pesa ya kupigia? Jina la kampuni silitaji, nataka kuelewa skrini.

Mnubi_wa_Bombo
Hiyo ni kodi ya mitandao, mdogo wangu. Serikali inakata 200 kila siku ukifungua wasapu. Sisi tulilia sana hapa.

DerevaMalaba
Mzee wangu, shikamoo, lakini hiyo imepitwa. Ile 200 kwa siku ilianza Julai 2018 na ikaondolewa Julai 2021. Badala yake wakaweka asilimia 12 juu ya bei ya data, na hiyo unailipa ndani ya bei siku unaponunua bando. Haikati salio lako kidogo kidogo mchana. Tena hata ile 200 ulikuwa unailipa mwenyewe kwa kubonyeza.

Mnubi_wa_Bombo
Marahaba. Sawa, nakubali kwa mwaka. Lakini pesa inaenda mahali.

MamaNeema_Kyangwali
Hata mimi ilinipata! Nilinunua mega kwa pesa ya simu, pesa ikakatwa, apu ikabaki na ile namba ya zamani. Nikadhani wameniibia. Huyo dada aangalie kama pesa yake ilifika.

FundiKatwe
Mama Neema, yako ni nyingine, nitairudia chini. Tuanze na Baraka.

Ndugu, hiyo 2.6 GB ni jumla. Usiisome kama maji ya pipa moja. Iguse kwa kidole pale pale kwenye namba, au tafuta palipoandikwa "View details", "My bundles" au "Active bundles", kila apu ina neno lake. Itafunguka orodha. Tuletee unachokiona humo, kisha tuongee.

Baraka_Nsambya
Nimegusa. Naandika kama ilivyo:

```
Daily 1GB     0 MB left     Expires today 14:20
Night Data    2.0 GB left   12AM - 6AM
Social        0.6 GB left   Expires today 23:59
```

FundiKatwe
Basi jibu la kwanza ndilo hilo. Jumlisha mistari miwili ya chini: 2.0 na 0.6 ni 2.6. Ukurasa wa mbele umemwonyesha dada data ambayo mchana hawezi kuitumia kwa kila kitu. Bando alilolilipia hasa ni mstari wa juu, na uko sifuri. Hizo nyingine ni bonasi: moja ya usiku, moja ya mitandao ya kijamii tu.

Mstari wa juu ukiisha, simu haizimi intaneti. Kurasa, picha za fesibuku, masasisho ya apu, vyote vinahamia kwenye salio la kawaida na kulipwa kwa kila MB, tena kwa bei kali kuliko ya bando. Ndiyo maana hakuona chochote kikisimama. Intaneti iliendelea vizuri, aliyekuwa analipa ndiye aliyebadilika.

Kuna neno unalolitafuta kwenye kila mstari: "left" ni kilichobaki, "used" ni kilichotumika. Apu nyingine zinaonyesha duara linalojaa, na mtu anadhani duara likijaa data ni nyingi, kumbe linajaa matumizi. Soma neno kabla ya kusoma picha.

KijanaWaNtinda
Fundi umesema kweli ila umeacha jambo. Kampuni nyingine zinahesabu GB 1 kuwa MB 1,000 na simu inahesabu 1,024. Hapo ndipo data inapopotelea. Mimi nimesoma kompyuta.

FundiKatwe
Hiyo tofauti ipo, ila ipime. Kwenye GB 1 ni MB 24. Hata ungekuwa na GB 3 ni MB 72, ni dakika chache tu za video. Inaeleza kwa nini simu na apu hazilingani kabisa. Haielezi salio la dada kupungua kwa 1,860.

KijanaWaNtinda
Basi tofauti ndogo, lakini ipo.

Bi_Zuhura_Arua
Naomba tusimame kwenye ule mstari wa "12AM - 6AM", maana hapo nimeona watu wengi wakiumia, na si kwa kutojua Kiingereza peke yake. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili. Jirani yangu, mama mtu mzima, aliiona 12 akasema hiyo ni saa kumi na mbili, na 6 ni saa sita. Kwa hiyo akajua data ya usiku inaanza jioni jua linapozama na kuisha usiku wa manane. Saa moja usiku akaanza kupakua video za harusi ya mwanawe. Salio lote likaisha kabla ya kulala, na GB zake za usiku zikabaki nzima bila kuguswa.

12AM ni saa sita usiku. 6AM ni saa kumi na mbili asubuhi. Yaani mambo yamegeuka kabisa, na ndiyo hatari yake: namba zote mbili ulizoziona ni saa unazozijua, ila zimebadilishana nafasi. Ukiona saa yoyote kwenye apu, toa sita, na kama haitoki ongeza sita. Zilizoandikwa kwa 13 hadi 23, toa kumi na mbili kwanza, kisha fanya hivyo hivyo. 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana. 23:59 ni saa sita usiku kasoro dakika moja.

DerevaMalaba
Bi Zuhura, hili lingebandikwa kwenye kila duka la vocha. Turn boi wangu wa Tanga alifanya hivyo hivyo tukiwa kwenye foleni Malaba, akabaki analaumu mtandao.

Baraka_Nsambya
Asante Bi Zuhura. Sasa swali dogo: mstari wa juu unasema inaisha leo 14:20, wa tatu unasema leo 23:59. Zote zinasema leo. Kwa nini saa mbili tofauti?

FundiKatwe
Kwa sababu "siku" ina maana mbili kwenye hizi bando. Kuna ya saa 24, inayohesabiwa kuanzia dakika uliyonunua: dada alinunua jana saa nane na dakika ishirini, imeisha leo saa hiyo hiyo. Na kuna inayokwenda mpaka mwisho wa siku, inakatika saa sita usiku. Anayenunua ya namna hii saa nne usiku anapata saa mbili tu. Jina la bando halikuambii ni ipi. Mstari wa "Expires" ndio unaokuambia, na uusome kwenye kila bando peke yake, si ule wa ukurasa wa mbele. Kwenye ukurasa wa mbele wa dada wameweka saa ya bando la mitandao, na mtu anadhani zote zinakufa saa hiyo.

Kijana_Mpondwe
Na sisi wa mpakani? Simu yangu naiacha na saa ya Beni maana biashara yangu iko huko. Bando linakufa saa nzima kabla ya wakati. Nikauliza, wakasema simu mbovu.

FundiKatwe
Simu si mbovu. Mashariki ya Kongo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Apu ikiandika 14:20 ni saa ya Kampala, na simu yako wakati huo inasoma 13:20. Ukikaa kwa saa ya Beni, punguza saa moja kwenye kila "Expires". Tena ukiwa hapo Mpondwe hakikisha simu haijakamata mnara wa upande wa pili, maana hiyo ni hesabu nyingine kabisa na bando la nyumbani halifanyi kazi huko. Juu ya skrini utaona jina la mtandao limebadilika, na pembeni ya alama ya minara huwa inatokea herufi R.

Kijana_Mpondwe
R naiona kila siku nikishuka mtoni. Sikujua ni nini. Asante mkubwa.

MamaNeema_Kyangwali
Fundi ulisema utarudi kwangu.

FundiKatwe
Nimerudi, mama. Ukinunua na pesa ikakatwa, kwanza vuta skrini chini kwa kidole uachie, inajisoma upya. Apu nyingi huandika chini kwa herufi ndogo "Last updated" na saa, hiyo ndiyo saa ya namba unayoiona. Mtandao ukiwa dhaifu apu inakuonyesha ya asubuhi bila aibu. Pili, tazama namba ya simu iliyo juu kabisa ya apu. Wenye laini mbili wananunua bando likaingia kwenye laini ya pili, ambayo data yake imezimwa. Tatu, kuna pale inapouliza "Buy for self" au "Buy for others". Ukibonyeza ya pili ikabaki na namba ya mtu uliyemnunulia wiki jana, umemnunulia tena.

MamaNeema_Kyangwali
Eee! Laini mbili ninazo. Ngoja niangalie.

Mnubi_wa_Bombo
Mbona hizi apu hazipo kwa Kiswahili? Si Kiswahili kimekuwa lugha ya taifa tangu 2022?

Bi_Zuhura_Arua
Mzee, Katiba ilirekebishwa 2005, ikasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili. Julai 2022 ni baraza la mawaziri lililopitisha kitumike na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mimi ni mwalimu, nalifuatilia. Lakini hata Katiba inasema kitatumika kwa namna Bunge litakavyopanga kwa sheria, kwa hiyo hakuna anayelazimika kukiweka kwenye apu.

DerevaMalaba
Kuweka Kiswahili peke yake hakutoshi. "Data Balance" ukiiandika "Salio la Data" na ikabaki jumla ya vitu vitatu, dada wa Owino ataumia kwa Kiswahili.

Mnubi_wa_Bombo
Lakini angalau ataumia akielewa ni wapi pa kugusa. Usilidharau hilo, dereva.

Baraka_Nsambya
Turudi kidogo. Fundi, nimeelewa bando la juu limeisha na mengine ni ya usiku na ya mitandao. Lakini dada anasema hakufungua kitu kingine, yeye ni wasapu tu. Kama "Social" bado ina GB 0.6, kwa nini wasapu ikamle salio?

FundiKatwe
Wasapu yenyewe ya kuandika, picha na sauti inahesabiwa kwenye "Social". Ila mteja akimtumia kiungo cha video, akakigusa, kimefunguka yutubu au kivinjari. Hapo ameshatoka wasapu. Bando nyingi za aina hiyo pia haziruhusu kupiga simu za wasapu, soma palipoandikwa "Terms" au "T&C" chini ya bei. Na wakati yeye anachati, simu nyuma inasasisha apu na kupandisha picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Kujua ni nani, ingia mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao, "Data usage", kisha "App data usage". Zimepangwa kuanzia mlaji mkubwa.

Baraka_Nsambya
Nimeingia. Ya kwanza yutubu, ya pili duka la apu, wasapu ya tatu.

DerevaMalaba
Kesi imekwisha hapo. Duka la apu hilo, lizime lisasishe kwa data.

Bi_Zuhura_Arua
Haijaisha, dereva. Hiyo orodha ni ya mwezi mzima, si ya leo mchana. Inakuambia nani anakula, haikuambii alikula saa ngapi.

KijanaWaNtinda
Mimi nasema aangalie "Auto-renew". Bando la siku likiisha linajinunua lenyewe kwa salio. Rafiki yangu aliliwa hivyo.

FundiKatwe
Kijana, hapa umegusa penyewe, ila tulipime. Namna salio linavyopungua inakuambia sababu. Likikatwa kwa mkupuo wa namba nzima, 500 au 1,000, hicho ni kitu kilichonunuliwa: bando lililojirudia au huduma fulani umeunganishwa nayo. Likimomonyoka kwa visenti visivyo na mpangilio, hiyo ni data inayolipwa kwa MB.

Sasa tazama namba za Baraka. Kutoka asubuhi mpaka saa nane: 3,000 hadi 1,640, zimeenda 1,360. Kutoka saa nane hadi saa kumi: 1,640 hadi 1,140, yaani 500 kamili. Naona kama mambo mawili tofauti. Baraka, kuna sehemu inaitwa "History" au "Transactions"?

Baraka_Nsambya
Ipo. Asubuhi kuna mistari mingi ya "Data usage" yenye shilingi kidogo kidogo, kuanzia saa nne hivi. Halafu kuna mmoja:

```
15:07   Subscription   UGX 500.00
```

Baada ya hapo hakuna kitu. Dada anasema saa nane alizima data kuokoa chaji.

KijanaWaNtinda
Nilisema! Bando limejirudia.

FundiKatwe
Lingejirudia lingeonekana kwenye orodha ya bando na "Expires" mpya ya kesho. Orodha aliyotuletea haina. Halafu bando lake limeisha 14:20, hii imekatwa 15:07. Kwangu hiyo ni huduma ya wimbo wa mwito au habari za mpira. Watu wanaunganishwa kwa kubonyeza OK kwenye ujumbe unaoruka juu ya skrini wasiousoma.

DerevaMalaba
Au bando la dakika za kupiga. Nalo linajirudia, na haliko kwenye ukurasa wa data. Aangalie kipande cha "Voice".

Baraka_Nsambya
"Voice" inasema 0 min. Hakuna tarehe.

MamaNeema_Kyangwali
Isiwe ni deni? Mimi nikikopa uniti wanakata.

FundiKatwe
Deni wanalikata pale unapoweka salio jipya, mama. Leo hakuweka kitu. Sioni ikiwa deni.

Bi_Zuhura_Arua
Mstari haukutaja jina la huduma, kwa hiyo hapa wote tunabahatisha. Apige huduma kwa wateja, ataje saa 15:07 na kiasi 500, aombe jina la huduma na aombe waiondoe. Akisema tu "mnaniibia salio" watamweleza habari za bando mpaka simu ikatike.

Baraka_Nsambya
Nitawapigia mimi kesho. Na ile ya kuzuia data isile salio?

FundiKatwe
Apu nyingine zina swichi, "Out of bundle" au "Use airtime for data". Kama ipo, izime, bando likiisha intaneti inakatika na mtu anajua. Kama haipo, msiweke salio kabisa kwenye hiyo laini. Wakati wa kununua, inapouliza "Pay with", achague "Mobile Money" na si "Airtime". Pesa inatoka kwenye pesa ya simu moja kwa moja, anaweka namba ya siri, basi. Salio likiwa sifuri hakuna cha kuliwa.

MamaNeema_Kyangwali
Na akitaka kupiga?

FundiKatwe
Anunue dakika, hizo data haiwezi kuzigusa.

DerevaMalaba
Au anunue bando zisizo na tarehe, kama Freedom za MTN au Chillax za Airtel. *150# kwa MTN, *175# kwa Airtel, menyu ni fupi kuliko apu.

Bi_Zuhura_Arua
Hizo zinamwondolea taabu ya saa, lakini kwa shilingi hiyo hiyo MB ni chache kuliko za bando la siku. Mfanyabiashara wa kila siku sokoni apige hesabu zake kwanza. Na hizo nazo zikiisha, salio linaliwa vile vile.

KijanaWaNtinda
Kuna pia "Data limit" kwenye Androidi. Weka 1 GB, ikifika inazima.

FundiKatwe
Inazima kweli, ila inahesabu kila kitu, wasapu ya "Social" na data ya usiku zote humo. Itamfungia mapema wakati bando lipo. Kwa mtu wa bando moja tu ni nzuri.

MamaNeema_Kyangwali
Fundi, nimeangalia. Mega ziko kwenye laini ya pili, zote! Sasa zinahamishika?

FundiKatwe
Kuhamisha kunategemea bando. Kwa leo, nenda mipangilio ya laini, chagua hiyo ya pili iwe ya data, uzitumie zilipo. Expires yake inasemaje?

MamaNeema_Kyangwali
Inasema 11:30 PM.

Bi_Zuhura_Arua
Saa tano na nusu usiku, mama. Una muda bado.